Malalamiko, ombi la pamoja au rufaa: kwa nini barua moja haibebi yote matatu

Mwisho wa mwezi wa nne mama mmoja muuza makayabo aliingia katika sekretaria yetu na barua ya kurasa nne, iliyoandikwa kwa mkono mbele na nyuma. Sekretaria ni jina kubwa kwa kibanda chenye kompyuta moja, printa moja na benchi, hatua chache kutoka ofisi ya komini hapa Lubumbashi. Ndipo watu wanapokuja kuandikiwa barua za kupeleka kwa wakubwa. Barua yake ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa gavana, nakala kwa meya, kwa bugumestri mkuu wa komini, kwa parke yaani ofisi ya mashitaka, na kwa redio moja. Mwezi mzima ulikuwa umepita, jibu hakuna. Sasa alitaka nimwandikie nyingine "kali kushinda hii".

Niliisoma mara mbili. Ukali ulikuwamo wa kutosha. Shida ni kwamba mlikuwa na barua tatu ndani ya moja, zimesukwa pamoja kama ukili. Kwanza alieleza jinsi mtoza kodi alivyomdai kodi ya meza mara mbili kwa siku moja bila kumpa resu, yaani stakabadhi ya malipo, na alipokataa akaondoka na mizani yake. Halafu, katikati ya ukurasa wa pili, alianza kusema "sisi wauzaji wa samaki tunataka kila mtoza kodi atoe resu yenye namba". Na mwisho kabisa, kama jambo dogo la kuongezea, alitaja kwamba msimamizi wa soko alimpa karatasi ya kumwondoa kwenye meza yake. Lile la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote, na ndilo lililokuwa na saa inayokimbia.

Huku kwetu yote hayo huitwa kwa jina moja: barua ya kulalamika. Mtu hukaa kwenye benchi na kusema, "Papa, uniandikie barua ya kulalamika," na mimi najifunga kwanza kumuuliza maswali kabla sijagusa kompyuta. Swali la kwanza ni hili: unapigana na nini? Kama unapigana na jambo ambalo mtu amekutendea, hayo ni malalamiko. Kama hakuna mtu mmoja unayemshitaki, ila ninyi wengi mnataka kitu kifanyike au kibadilike, hilo ni ombi la pamoja, wanaloliita petisyo. Kama kuna uamuzi uliokwisha kuchukuliwa juu yako na mwenye madaraka, nawe unataka uamuzi huo uondolewe au upunguzwe, hiyo ni rufaa.

Mtu akishindwa kujibu, ninamwacha aongee tu, nasikiliza vitenzi vyake. Anayesema "alikuja, alichukua, alinitukana" amebeba malalamiko, maana maneno yake yote yamesimama juu ya jana. Wanaosema "tuwekewe, watupe, wapite" wamebeba ombi. Anayechomoa karatasi mfukoni na kuanza na "wameniandikia kwamba..." amebeba rufaa, hata kama hajui neno lenyewe. Mama wa makayabo alikuwa anachanganya zote, basi tulikaa na kalamu tatu za rangi tukapiga mstari chini ya kila sentensi. Nyekundu zilikuwa nyingi, bluu chache, na kijani, rangi ya rufaa, zilikuwa mbili tu.

Tuanze na malalamiko, kwa sababu ndiyo barua ambayo watu wanadhani wanaijua.

Mgongo wa barua ya malalamiko ni tukio. Aya ya kwanza inasema wewe ni nani kwa uhusiano na mahali penyewe: muuzaji wa mstari wa tatu, meza namba fulani, tangu mwaka fulani. Haihitaji zaidi. Aya ya pili ndiyo barua yenyewe: siku, saa, mahali, nani, alifanya nini, mbele ya nani, na kiasi gani. Kwa mama yule tuliandika hivi:

"Jumanne tarehe 4 Machi, saa nne asubuhi hivi, mtoza kodi aliyevaa jile ya kijani alifika kwenye meza yangu nikamlipa faranga 1,000. Hakunipa resu. Saa nane alirudi akanidai tena faranga 1,000 za siku ile ile. Nilipomwambia nimekwisha kulipa, alichukua mizani yangu ya sahani mbili akaenda nayo. Waliokuwa hapo ni jirani zangu wawili, wa meza ya kuume na ya kushoto, na wote wawili wako tayari kuulizwa."

Katika barua yake ya zamani sehemu hii ilianza hivi: "Wale watu ni wezi, wanakula jasho la wajane." Nilimwomba tuiondoe. Alikasirika kidogo, akaniuliza kama nimelipwa na soko. Sikuiondoa kwa adabu tu. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, ibara ya 76, inamwadhibu mtu anayemwandikia mkubwa wa kazi masingizio juu ya mfanyakazi aliye chini yake. Ukiandika "alichukua mizani yangu saa nane mbele ya watu wawili", umesema ulichokiona na una mashahidi. Ukiandika "ni mwizi, na wenzake wote ni wezi", umempa yeye nafasi ya kukugeuzia kibao, na kesi inaanza kuwa juu yako. Katika malalamiko, kila neno la hukumu linaloondoka na mahali pake kukaa siku, saa au kiasi, barua inakuwa na nguvu zaidi.

Baada ya tukio inafuata aya fupi ya hasara (siku ngapi hakuuza kwa mizani, aliazima kwa kiasi gani), kisha aya ya hatua ulizokwisha jaribu. Aya hii ya hatua watu huisahau. Mkubwa anayepokea malalamiko swali lake la kwanza ni: je, aliongea na mtu yeyote hapo sokoni kabla ya kuja kwangu? Mama alikuwa amekwenda mara mbili kwa mkubwa wa watoza kodi. Tuliandika tarehe zote mbili. Mwisho ni dai, nalo liwe kitu kinachoweza kutolewa na yule unayemwandikia: mizani irudishwe, faranga 1,000 zihesabiwe kwenye siku nyingine, mtoza kodi aitwe aeleze. "Afukuzwe kazi" tuliacha. Mkubwa wake anaweza kumwadhibu au asimwadhibu, lakini mizani anaweza kuirudisha kesho asubuhi.

Malalamiko hupelekwa kwa mkubwa wa karibu wa yule aliyekukosea. Si kwa gavana. Hapa tuna ugonjwa wa ile sehemu ya juu ya barua inayoandikwa "Nakala kwa taarifa", ambapo mtu hupanga wakubwa saba kwa cheo, akitumaini kwamba mwandikiwa ataogopa. Kwa macho yangu, mara nyingi inaleta kinyume: kila mmoja anasema mwenzake ataijibu. Katika malalamiko ninaweka nakala moja, ngazi moja juu ya mwandikiwa, basi. Na kama jambo lenyewe ni kosa la jinai unalotaka liadhibiwe, barua kwa mkubwa wa kazi haitoshi. Hayo ni mashitaka, yanakwenda polisi au parke, na ni safari nyingine.

Ombi la pamoja linabadilisha karibu kila kitu hicho. Tukio linaingia kama mfano tu, au haliingii kabisa. Mgongo wake ni watu: ni akina nani, ni wangapi, na wanataka nini kimoja. Ndiyo maana "mimi" inapotea na "sisi" inashika nafasi, na ndiyo maana barua yenyewe inaweza kuwa fupi kuliko zote, nusu ukurasa, kisha majina.

Nguvu ya kisheria ya petisyo watu wengi wanaijua nusu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka petisyo kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ibara hiyo hiyo inasema mtu hawezi kushitakiwa kwa sababu ya kuchukua hatua hiyo. Angalieni: "peke yake" imo. Mtu mmoja anaweza kupeleka petisyo. Lakini sokoni, ombi la mtu mmoja huonekana kama malalamiko yaliyovaa suti, basi mimi hushauri majina yawepo.

Aya ya kwanza ya ombi inataja kundi kwa namna inayoweza kuhakikishwa: "Sisi wauza samaki wa mstari wa tatu na wa nne, watu 43, ambao majina, namba za meza na saini zetu ziko kwenye kurasa zinazofuata." Aya ya pili inaeleza hali ilivyo leo, kwa wakati uliopo: kodi ya meza inatozwa bila resu yenye namba, hivyo muuzaji hawezi kuonyesha kwamba amelipa. Hapa kisa cha mizani kingeweza kuingia kwa mstari mmoja, bila jina la mtoza kodi. Tulikiacha nje. Kingeingia, ombi la watu 43 lingekuwa ugomvi wa mtu mmoja, na wale ambao hawakuwa na kisa na mtoza kodi yule wangeogopa kutia saini.

Aya ya tatu ni ombi lenyewe, moja. Wauzaji walinijia na manane: choo, mufereji unaonuka, taa, mlinzi wa usiku, resu, na mengineyo. Niliwaambia wachague. Mwenye kupokea maombi manane hujibu lile lililo rahisi, kisha husema amejibu. Walibishana kwenye benchi langu karibu saa nzima, mufereji nusura ushinde kwa sababu ya mvua za mwezi ule, lakini resu ikapita. Tuliandika: "Tunaomba kila malipo ya kodi ya meza yatolewe resu yenye namba na tarehe, na mtoza kodi avae kitambulisho kinachosomeka." Ni sentensi moja yenye pande mbili za jambo lile lile. Aya ya nne inataja ibara ya 27 na muda wa miezi mitatu kwa maneno ya upole, pamoja na majina ya wajumbe watatu watakaoitwa na namba moja ya simu. Bila wajumbe, ofisi haijui imwite nani kati ya watu 43, na jibu linabaki mezani.

Sasa kurasa za saini, ambapo petisyo nyingi zinafia. Kosa la kwanza ni kukusanya saini kwenye karatasi nyeupe tupu. Anayepokea anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kama hiyo si orodha ya mazishi au ya tontini. Kila ukurasa wa saini lazima uwe na maneno ya ombi juu yake, hata kwa sentensi moja, na namba ya ukurasa: 1 kati ya 3, 2 kati ya 3. Asiyejua kuandika anatia dole, na pembeni yake mwingine anaandika jina lake. Mistari iliyobaki mitupu inapigwa mkwaju ili mtu asije kuongeza jina baadaye. Na jina moja mara moja tu. Kwenye orodha ya kwanza mama mmoja alikuwa ametia saini mara tatu, kwa ajili yake na kwa ajili ya dada zake wawili waliokuwa Kipushi siku ile. Kwa nia njema, lakini mwandiko ulikuwa mmoja. Jina moja la uongo likigunduliwa, yale 42 ya kweli yanatiliwa mashaka yote.

Katika ombi la pamoja, nakala kwa wakubwa si ugonjwa. Jambo ni la wengi, linaweza kujulikana na wengi: bugumestri ndiye mwandikiwa, nakala kwa meya na kwa chama cha wauzaji kama kipo. Hata redio, mkitaka.

Nimeiacha rufaa ya mwisho kwa sababu ndiyo inayokataa zaidi kufanana na nyingine. Rufaa haianzi na wewe wala na kundi lako. Inaanza na karatasi ya mtu mwingine.

Sentensi ya kwanza ya barua ya rufaa inataja uamuzi: namba yake, tarehe yake, nani ameusaini, unasema nini, na siku gani ulikufikia. Siku ya kufikiwa ni muhimu kuliko tarehe ya kusainiwa, maana hesabu ya muda huanza hapo. Uamuzi wa mama ulisainiwa tarehe 18 Machi, ukamfikia tarehe 20, akaweka kidole gumba kwenye kitabu cha kupokelea. Kwa maamuzi ya ofisi za serikali, anayetaka kwenda hadi kwa mahakimu wa mambo ya utawala kuuvunja uamuzi anapaswa kwanza kuiandikia mamlaka yenye uwezo wa kuuondoa au kuubadilisha, naye ana miezi mitatu ya kufanya hivyo. Kwake ilimaanisha kabla ya tarehe 20 Juni. Alipokuja kwangu ilikuwa tarehe 25 Aprili, na ile barua yake ya kurasa nne, ambayo haikutaja hata namba ya uamuzi, nani angekubali kuihesabu kama rufaa? Tulimshukuru Mungu kwamba siku zilikuwa bado zipo.

Baada ya kuutaja uamuzi, unaueleza kwa maneno yake wenyewe, bila kuongeza chumvi. Karatasi ilisema meza inaondolewa kwa "kuvuruga utaratibu wa soko na kukataa kulipa kodi". Tuliyanakili hivyo hivyo. Mtu mwenye uchungu hupenda kuandika upya uamuzi kwa namna anavyouhisi ("wamenifukuza kwa sababu mimi ni mjane"). Mwenye kusoma rufaa ana karatasi ile mbele yake. Akiona umeibadilisha, hataamini aya inayofuata.

Kisha zinakuja sababu, kila moja na aya yake, na kila moja ikigonga sehemu fulani ya uamuzi. Hapa ndipo rufaa inapoachana kabisa na malalamiko. Katika malalamiko unasimulia. Katika rufaa unabishana na sentensi. Uamuzi unasema alikataa kulipa: tulijibu kwamba alilipa asubuhi, kwamba jirani wawili waliona, na kwamba kukosa resu hakukutokana naye. Uamuzi unasema alivuruga utaratibu: tulijibu kwamba hauelezi alifanya nini, siku gani, wala nani aliyeona. Ya tatu ilikuwa ile ninayoipenda, kwa sababu haihitaji shahidi: hakuitwa wala kusikilizwa hata mara moja kabla ya kunyang'anywa meza. Sababu tatu. Alikuwa na ya nne, kwamba msimamizi anataka kumpa meza mtu wa familia yake. Nilimuuliza anajuaje. Akasema kila mtu anajua. Tukaiacha.

Mizani, ile iliyompandisha hasira kuliko kitu kingine chochote, katika rufaa ilichukua nusu sentensi tu. Hilo lilimshangaza. "Papa, mizani ndiyo chanzo cha yote!" Ni kweli, lakini bugumestri anayesoma rufaa haulizwi mizani iko wapi. Anaulizwa kama karatasi ya tarehe 18 Machi ibaki au iondoke. Kila sentensi isiyomsaidia kujibu swali hilo inampa sababu ya kulala.

Dai la rufaa lina ngazi mbili, na hii ni mbinu ambayo malalamiko hayana. Unaomba kubwa kwanza, kisha unaweka ndogo chini yake: "Naomba uamuzi uondolewe wote. Kama haiwezekani, naomba adhabu ipunguzwe iwe onyo." Watu wengine wanaogopa kwamba kuomba ndogo ni kukubali kosa. Sioni hivyo, unamwachia mwenye kuamua mlango wa pili, kwa sababu kumwaibisha msimamizi wake hadharani ni jambo ambalo wakubwa wengi hawalitaki. Na kuna sentensi ya tatu isiyopaswa kusahauliwa. Barua ya rufaa ya aina hii haiuzuii uamuzi usitekelezwe, kwa hiyo unaomba waziwazi: "Wakati rufaa hii inaangaliwa, naomba meza yangu isipewe mtu mwingine." Bila sentensi hiyo unaweza kushinda rufaa na kukuta kuna mtu anauza nyanya mahali pako.

Viambatisho: nakala ya uamuzi inawekwa ya kwanza kabisa, halafu vinginevyo. Nakala kwa taarifa anapewa yule aliyesaini uamuzi. Wateja hushangaa, "tumpelekee adui?" Lakini faili liko kwake, na ataulizwa tu; afadhali ajibu akiwa amesoma sababu zako kuliko akisimulia kwa kichwa.

Unaweza kuelekeza rufaa kwa yeye mwenyewe aliyeamua, ukimwomba ajirekebishe, au kwa mkubwa wake. Kama uhusiano haujavunjika, ya kwanza huchukua muda mfupi. Kwa mama haikuwezekana, wameshatupiana maneno mbele ya soko zima.

Kuna wanaokuja bila karatasi: "Ameniambia tu kwa mdomo, usirudi hapa." Uamuzi wa mdomo ni shida, maana rufaa haina cha kushika. Huwa naandika kwanza barua ya mistari mitano kwa huyo aliyesema: "Tarehe fulani, mbele ya fulani na fulani, ulinijulisha kwamba meza yangu imeondolewa. Naomba unipe uamuzi huo kwa maandishi pamoja na sababu zake." Akijibu, tunayo karatasi. Asipojibu, barua hiyo yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo inayoonyesha siku na maneno, na rufaa inaitaja mahali pa namba ya uamuzi.

Neno moja juu ya mahakama, kwa sababu jina ni lile lile na wengi wanapotea hapo. Rufaa dhidi ya hukumu ya hakimu si barua. Inatangazwa kwenye ofisi ya karani wa mahakama, grefu, na muda wake ni mfupi: siku 30 katika kesi za madai, siku 10 katika kesi za jinai. Nimeona baba mmoja aliyeandika barua nzuri sana kwa rais wa mahakama, akangoja jibu, na siku zake zikaisha akingoja. Huko nenda na wakili, au angalau nenda grefu mwenyewe kesho yake.

Basi kwa mama wa makayabo tulitoa barua tatu, tukazipanga kwa saa na si kwa hasira. Rufaa ilikwenda kwanza, Jumatatu tarehe 28 Aprili, kwa bugumestri. Malalamiko juu ya mizani yalikwenda siku hiyo hiyo, lakini kwa mkubwa wa watoza kodi, katika bahasha nyingine. Ombi la pamoja lilingoja saini, likaingia tarehe 12 Mei. Zote tatu niliziandika kwanza kwa Kiswahili, nikamsomea mwenyewe hadi akasema "ndiyo, hivyo", ndipo nikaziweka kwa Kifaransa, kwa sababu ndicho ofisi zinachopokelea. Mtu asitie dole kwenye barua ambayo hakuisikia kwa lugha yake. Kwa kila moja alirudi na nakala yenye muhuri, tarehe na namba ya kitabu cha barua zinazoingia. Bila nakala hiyo, miezi mitatu ya nani itahesabiwa kuanzia lini?

Mstari wa "Kuhusu" wa barua zile tatu nimeubandika ukutani, watu wausome wakingoja zamu:

"Kuhusu: Malalamiko juu ya mizani yangu iliyochukuliwa na mtoza kodi tarehe 4 Machi."

"Kuhusu: Ombi la pamoja la wauza samaki 43, kodi ya meza itolewe resu yenye namba."

"Kuhusu: Rufaa dhidi ya uamuzi namba 017 wa tarehe 18 Machi unaoniondolea meza."

Ukishindwa kuandika mstari huo mmoja, bado hujajua barua yako ni ipi. Na ukiuandika ukakuta una "na pia" katikati, una barua mbili.

Rufaa ilimfanya aitwe baada ya wiki tatu, yeye na msimamizi katika chumba kimoja. Alipata meza yake na onyo la maandishi, yaani ile ngazi ya pili. Malalamiko hayakujibiwa kwa maandishi hata leo, ila mizani ilirudi asubuhi moja ikiwa na sahani moja, na mtoza kodi alihamishiwa upande wa mitumba. Ombi lilijibiwa tarehe 6 Agosti, siku sita kabla ya miezi mitatu kutimia: "limepokelewa na linachunguzwa". Wajumbe walitaka tuandike malalamiko juu ya jibu hilo. Niliwaambia hapana, waandike barua fupi inayotaja namba ya ombi na ya jibu, waulize uchunguzi unaisha lini na nani anaufanya.

Wiki iliyopita muuzaji wa dagaa alifika na karatasi yenye majina 11 ya watu waliokuwa hawapo siku ya saini. Alitaka niyachomeke kwenye ombi la tarehe 12 Mei. Lile limekwisha kupigwa muhuri, haliguswi tena. Tulichapa ukurasa mpya wenye maneno ya ombi juu yake, na barua ya mistari minne ya kuusindikiza, ikitaja namba ya mapokezi ya ombi la kwanza, tukapiga mkwaju kwenye mistari minne iliyobaki mitupu.